Mteja hajalipa, VAT imefika: ulipe kwa njia ya ankara au ya taslimu?

Mfanyabiashara anayeuza kwa mkopo Uganda huuliza swali moja kila inapokaribia tarehe 15: kwa nini nilipe VAT ya pesa ambayo sijaiona? Jibu linategemea njia anayotumia kuhesabu kodi hiyo. Kwa njia ya ankara, VAT inadaiwa kwa sababu mauzo yamefanyika. Kwa njia ya taslimu, inadaiwa kwa sababu pesa imeingia. Kodi ni ileile, asilimia 18 ileile. Kinachobadilika ni mwezi wa kuilipa, na kwa biashara ndogo miezi mitatu inaweza kuamua kama mishahara italipwa au la.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha una haki ya kuchagua. Njia ya taslimu imewekwa kwa waliosajiliwa VAT ambao mauzo yao yanayotozwa kodi hiyo hayazidi shilingi milioni 500 kwa mwaka. Mauzo ya kiwango cha sifuri yanahesabiwa humo, yaliyosamehewa hayahesabiwi. Ukizidi hapo, njia yako ni ya ankara. Mauzo kwa Serikali nayo yana kanuni yake, inayofungamanisha VAT na siku Serikali inapolipa. Yaliyo hapa chini yanahusu wateja wa kawaida: shule binafsi, hoteli, makampuni, wakandarasi.

## Vigezo vya kupimia

Tutazipima njia zote mbili kwa mambo manne: VAT ya mauzo inadaiwa lini, VAT uliyotozwa kwenye manunuzi unaidai lini, kazi ya vitabu ni kiasi gani, na nini hutokea mteja asipolipa kabisa. Watu wengi huangalia la kwanza tu, kisha wanaumizwa na la pili.

Mfano tutakaoutumia ni karakana ya fanicha ya Nsambya, Kampala. Mwezi Machi imeiuzia shule binafsi madawati ya shilingi 20,000,000. VAT ni 3,600,000, jumla ya ankara 23,600,000. Mabomba ya chuma, rangi na mbao za plaiwudi zilinunuliwa Machi hiyohiyo kwa 8,000,000 na VAT 1,440,000, zikalipwa papo hapo. Shule imeahidi kulipa karo za muhula wa pili zikiingia, na kweli inalipa mwishoni mwa Juni.

## Njia ya ankara

VAT ya mauzo. Ingawa inaitwa njia ya ankara, usidhani ni ankara peke yake inayoamua. Sheria inatazama mambo matatu: siku bidhaa ilipokabidhiwa au huduma ilipokamilika, siku malipo yalipofanyika, na siku ankara ya kodi ilipotolewa. Lililotangulia ndilo linaloweka tarehe ya mauzo. Karakana yetu ilikabidhi madawati Machi, basi VAT ni ya Machi, na ritani na malipo yake mwisho ni tarehe 15 Aprili.

Hapa ndipo ujanja mmoja unaozunguka sokoni unapofia. Mtu anapeleka mzigo na delivari noti, au anaacha profoma tu, halafu anasubiri mteja alipe ndipo atoe ankara kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda. Hajaahirisha chochote. Makabidhiano yalishaweka tarehe, na sasa ana kosa la pili la kutotoa ankara kwa wakati. Mkaguzi akiweka daftari la stoo kando ya ankara, tofauti ya miezi mitatu anaiona bila miwani.

VAT ya manunuzi. Huu ndio upande mtamu wa njia ya ankara. Unadai VAT ya manunuzi kwa ankara ya EFRIS uliyopewa, hata kama msambazaji bado anakudai. Kwa karakana yetu hesabu ya Machi ni hii:

```
VAT ya mauzo      3,600,000
VAT ya manunuzi  -1,440,000
Ya kulipa         2,160,000   (kufikia 15 Aprili)
```

Shilingi 2,160,000 zinatoka Aprili, ilhali za shule zinaingia mwisho wa Juni. Ukizikosa, riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaanza: shilingi 43,200 kila mwezi, karibu 129,600 hadi katikati ya Julai. Kuna wanaoamua kimyakimya kuichukua riba hiyo kama mkopo. Asilimia 2 kwa mwezi haitishi ukiilinganisha na wakopeshaji wa mtaani, lakini mkopo huu unakuja na deni la kodi kwenye jina lako, na siku utakapohitaji cheti cha kutodaiwa kodi kwa ajili ya zabuni utajua bei yake halisi.

Ikiwa mteja wako ni hoteli iliyosajiliwa VAT, nayo iko kwenye njia ya ankara, hoteli hiyo imeshadai 3,600,000 zako kama VAT yake ya manunuzi kwenye ritani ya Machi. Wewe umelipa, yeye amepunguziwa, na bado hajakupa hata shilingi. Shule haina faida hiyo, kwa kuwa huduma ya elimu imesamehewa VAT na hivyo shule haiwezi kudai. Kwake asilimia 18 ni gharama kamili, na ndiyo sababu shule hubishana sana juu ya bei.

Kazi ya vitabu. Ni nyepesi. Ankara zilizo kwenye EFRIS na mauzo yaliyo kwenye ritani vinapaswa kulingana mwezi kwa mwezi. Huhitaji kufuatilia nani amelipa nini kwa ajili ya VAT, ingawa kwa ajili ya kuokoa biashara yako unapaswa kufuatilia.

Kuna kipande kimoja kinachochanganya: zuio. Mteja aliyeteuliwa kuwa wakala wa zuio la VAT hukata asilimia 6 ya thamani kabla ya VAT na kuipeleka URA kwa jina lako. Kwa ankara yetu ingekuwa 1,200,000. Lakini anakata siku anapolipa. Kwa hiyo Aprili unadaiwa VAT nzima, na unafuu wa ile 1,200,000 unakuja Juni au Julai. Aliye kwenye njia ya ankara na mwenye mawakala wa zuio wengi hujikuta analipa kamili leo na kusubiri kurudishiwa kwa makato ya ritani za mbele.

Mteja asipolipa kabisa. Njia ya ankara ina mlango wa kurudishiwa, ila ni mwembamba. Ni lazima uwe umeilipa URA VAT yote ya mauzo hayo, iwe imepita miaka 2 tangu mauzo bila kulipwa, na uonyeshe kwamba umechukua hatua za kweli za kudai: barua, notisi ya wakili, kesi, jambo linaloonekana kwenye karatasi. Kama umelipwa nusu, unarudishiwa VAT ya nusu isiyolipwa. Mteja akikumbuka deni baadaye na kulipa, VAT ile unairudisha.

Miaka 2 ni mingi, na wengi hujaribu njia ya mkato: krediti noti. Ankara ya Machi inafutwa kwa krediti noti Mei kwa sababu "mteja hajalipa", kisha inatolewa upya Julai pesa zikiingia. Hii si kazi ya krediti noti. Inaruhusiwa mauzo yakivunjwa, bidhaa zikirudishwa, bei ikibadilishwa kwa makubaliano, au aina ya mauzo ikibadilika. Kuchelewa kulipa si mojawapo. Isitoshe, unamvurugia mteja aliyekwishadai VAT hiyo, naye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupigia simu akikasirika.

Inamfaa nani. Anayelipwa kaunta, anayelipwa ndani ya mwezi uleule, na hasa anayenunua kwa mkopo mrefu kuliko anaowapa wateja wake. Inamfaa pia asiyekuwa na mtu wa kukaa na vitabu vya wadaiwa kila wiki.

## Njia ya taslimu

VAT ya mauzo. Inadaiwa kwa mwezi ambao malipo yameingia, iwe kwa noti, benki au pesa za simu. Karakana inakabidhi madawati Machi, inatoa ankara ya EFRIS Machi kama kawaida, lakini kwenye ritani ya Machi mauzo hayo hayamo. Yanaingia kwenye ritani ya Juni, inayolipwa kufikia tarehe 15 Julai.

Kutoa ankara kwa wakati hakujaondolewa. Anayejiunga na njia ya taslimu kisha akaacha kutoa ankara mpaka alipwe amechanganya mambo mawili: siku ya ankara haibadiliki, inayobadilika ni siku ya kodi.

Malipo ya vipande ndiyo yanayokosewa zaidi. Tuseme shule inaleta 10,000,000 Mei na kumalizia Juni. VAT ya Mei si asilimia 18 ya milioni 10, maana milioni 10 hizo tayari zina VAT ndani yake:

```
10,000,000 x 18 / 118 = 1,525,424
13,600,000 x 18 / 118 = 2,074,576
Jumla                   3,600,000
```

Anayezidisha kwa asilimia 18 angetangaza 1,800,000 Mei na kulipa zaidi. Anayesema "nitatangaza ankara ikiisha kulipwa yote" amechelewesha 1,525,424 kwa mwezi mzima na kujitafutia riba.

Kosa jingine liko kwenye zuio. Ankara ni 23,600,000. Mteja mkubwa anakata zuio la kodi ya mapato la asilimia 6, yaani 1,200,000, na kama pia ni wakala wa VAT anakata nyingine 1,200,000. Benki inaonyesha 21,200,000. Mhasibu mwenye haraka anapiga 18/118 ya hizo zilizoingia benki na kupata 3,233,898. Amekosea. Yaliyokatwa yamelipwa kwa niaba yako, kwa hiyo umelipwa 23,600,000 na VAT ya mauzo ni 3,600,000. Ile 1,200,000 ya zuio la VAT inapunguza unachodaiwa, haipunguzi mauzo. Walau kwa njia hii VAT na zuio lake vinakutana mwezi mmoja.

VAT ya manunuzi. Huwezi kuchagua taslimu kwa mauzo na ankara kwa manunuzi. Ukijiunga, pande zote mbili zinahama: unadai VAT ya manunuzi pale tu unapomlipa msambazaji, na ukimlipa kwa vipande unadai 18/118 ya kila kipande. Kwa karakana iliyolipa wasambazaji papo hapo haina shida:

```
Machi:  0 - 1,440,000          = krediti 1,440,000
Juni:   3,600,000 - 1,440,000  = 2,160,000   (kufikia 15 Julai)
```

Kodi ni 2,160,000 vilevile, miezi mitatu baadaye, na siku hiyo pesa za shule ziko mkononi.

Sasa geuza mambo. Duka la vifaa vya ujenzi linanunua kwa siku 60 mzigo wa 40,000,000 na VAT 7,200,000, linauza kaunta mwezi huohuo kwa 50,000,000 na VAT 9,000,000. Kwa njia ya ankara linalipa tofauti, 1,800,000. Kwa njia ya taslimu linalipa 9,000,000 nzima, na 7,200,000 zake linazidai miezi miwili baadaye, likishamlipa msambazaji. Njia iliyoiokoa karakana imelibana duka hili shingoni. VAT ya bidhaa ulizoagiza nje haina tofauti hii, kwa kuwa umeshailipa forodhani.

Na kwa wanaochukua malipo ya awali: amana ya asilimia 50 ikiingia Machi, VAT yake ni ya Machi kwa njia zote mbili, kwa sababu hata kwenye njia ya ankara malipo huweka tarehe yakitangulia. Kwa fundi anayedai amana kubwa kabla ya kukata mbao, faida ya taslimu imebaki kwenye salio tu.

Kazi ya vitabu. Hapa njia ya taslimu inatoza ada yake. EFRIS inaiambia URA siku ileile kwamba umeuza 20,000,000 Machi, na ritani yako ya Machi haina mauzo hayo. Tofauti hiyo ni halali, lakini ni lazima uweze kuieleza bila kutafuta. Weka daftari moja ambalo kila ankara ina mstari wake: FDN, yaani namba ambayo EFRIS huipa ankara, tarehe, mteja, jumla, VAT, kila malipo na tarehe yake, VAT ya kila malipo, na salio. Mwisho wa mwezi daftari hilo litoe hesabu hii:

```
Ankara za EFRIS za mwezi
- sehemu ya ankara hizo isiyolipwa
+ malipo ya ankara za miezi ya nyuma
= mauzo ya ritani
```

Mstari wa mwisho usipolingana na ritani, tafuta kabla hujaiwasilisha. Mara nyingi chanzo ni malipo ya simu yaliyoingia kwenye laini ya mwenye biashara badala ya laini ya biashara, au mteja aliyelipa ankara tatu kwa mkupuo bila kusema ni zipi. Yote mawili yanatibika siku ileile. Yakikaa miezi sita hakuna anayekumbuka.

Kuna na jambo la nidhamu. Kwenye kila 100,000 inayoingia, 15,254 ni VAT. Isipotengwa siku inapoingia italipa mafuta na mishahara, na tarehe 15 utakuwa na tatizo lilelile ulilotaka kulikimbia, safari hii bila kisingizio cha mteja.

Mteja asipolipa kabisa. Hukuilipa VAT, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa, hakuna miaka 2 ya kungoja wala wakili wa kumthibitishia Kamishna kwamba ulidai. Kwenye kigezo hiki njia ya taslimu iko mbele waziwazi.

Inamfaa nani. Anayeuza kwa mkopo wa siku 60 na zaidi, anayelipa gharama zake papo hapo, na ambaye gharama zake kubwa hazina VAT ya kudai: mishahara, mbao za wauzaji wasiosajiliwa. Makampuni ya ulinzi, usafi, ushauri na ufundi huangukia hapa mara nyingi. Sharti ni awe na daftari la wadaiwa linalosomeka.

## Hesabu moja ya kuingia na kutoka

Ombi la kuhamia taslimu hufanywa kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, kabla ya siku ya mwisho ya ritani ya kwanza unayotaka kuitumia njia hiyo. Ukishaingia, huwezi kujitoa mwenyewe ndani ya miaka 2. Kamishna anaweza kukutaka urudi njia ya ankara wakati wowote. Basi usiingie kwa sababu ya mteja mmoja msumbufu wa muhula huu.

Siku ya kubadilisha inafanywa marekebisho ili VAT isilipwe mara mbili wala isiponyoke. Chukua madeni mawili: VAT iliyo ndani ya unachowadai wateja, na VAT iliyo ndani ya unachodaiwa na wasambazaji. Tuseme siku ya kuhamia taslimu wateja wanadaiwa 70,800,000, ndani yake VAT 10,800,000 uliyokwisha kuitangaza, na wewe unadaiwa 11,800,000, ndani yake VAT 1,800,000 uliyokwisha kuidai. Unarudisha 1,800,000 na kuhesabiwa 10,800,000. Umebaki na krediti ya 9,000,000. Baada ya hapo kila deni la zamani likilipwa, VAT yake inatangazwa kama malipo mapya. Wanaosahau hatua hii ya mwisho wanafikiri wamesamehewa milioni 9. Wamecheleweshewa tu.

Sasa mlango wa kutokea, ambao haupati maneno ya kutosha kwenye ushauri wa kawaida. Karakana imekua, mauzo yamepita milioni 500, inarudi njia ya ankara. Siku hiyo wateja wanadaiwa 94,400,000 zenye VAT 14,400,000 ambayo haijawahi kutangazwa. Wasambazaji wanadai 23,600,000 zenye VAT 3,600,000 ambayo haijadaiwa. Tofauti inaingia kwenye ritani ya mwezi mmoja:

```
14,400,000 - 3,600,000 = 10,800,000
```

Hizi ni juu ya VAT ya kawaida ya mwezi huo, na wateja hawajalipa hata shilingi ya deni hilo. Yaani ucheleweshaji wa miaka yote unadaiwa siku moja. Biashara inayokwenda milioni 460 kwa mwaka na kukua kwa kasi haipaswi kushangazwa na hili. Jumlisha mauzo ya miezi 12 iliyopita kila mwisho wa mwezi. Ukiona umevuka milioni 430 au 450, anza kukusanya madeni makongwe kwa nguvu na kutenga akiba, kwa sababu kila deni unalolikusanya kabla ya kubadilisha linapunguza mzigo huo na kuja na pesa ya kulipia VAT yake lenyewe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo kipimo bora cha kuchagua. Kwa mwisho wa kila mwezi katika miezi sita iliyopita, andika VAT iliyo kwa wateja na toa VAT iliyo kwa wasambazaji. Ikiwa jibu ni kubwa na chanya kila mwezi, hicho ndicho kiasi ambacho njia ya taslimu ingekuachia mkononi, na ndicho utakachodaiwa siku ya kutoka. Ikiwa ni dogo au linageuka hasi, hakuna sababu ya kujibebesha daftari la ziada.

## Kwa hali yako

Ukiwa na wateja wachache wakubwa wanaolipa baada ya siku 60 hadi 120, mauzo kati ya milioni 150 na 350, na gharama nyingi ni mishahara, taslimu ina nafasi nzuri ya kukufaa. Fanya kwanza hesabu ya miezi sita, andaa daftari, kisha andika barua.

Ukiwa na duka la kaunta linalonunua kwa mkopo, kaa kwenye ankara. Mteja mmoja mmoja anayechukua kwa deni hatoshi kubadilisha picha.

Ukiuza nusu kaunta na nusu kwa mkopo, angalia wasambazaji wako. Wakikupa siku 30 na wateja wa mkopo wanachukua 90, hesabu itaegemea taslimu. Wakikupa 60, faida huyeyuka.

Ukiwa juu ya milioni 400 na unakua, njia ya taslimu inaweza kukupa unafuu wa mwaka mmoja na deni la mkupuo mwaka unaofuata. Wengi wa kundi hili hufanya vizuri zaidi kubaki kwenye ankara na kubadilisha masharti ya mauzo: amana inayofunika angalau VAT yote, yaani 3,600,000 kwenye ankara ya 23,600,000, idaiwe mapema katika mwezi wa makabidhiano.

Na ukibaki kwenye ankara kwa sababu yoyote, tazama kalenda. Madawati yakikabidhiwa na ankara kutolewa 30 Machi, VAT inalipwa 15 Aprili, siku 16 baadaye. Makabidhiano na ankara vikifanyika 2 Aprili, inalipwa 15 Mei, siku 43 baadaye. Sharti ni kwamba mzigo kweli uondoke karakana Aprili na kusiwe na malipo yaliyotangulia. Kuandika tarehe ya Aprili kwenye mzigo ulioondoka Machi ni kosa lilelile la delivari noti tulilolitaja juu.